Maana ya pendekezo la kuanzisha blogu ya kampuni

Pendekezo la kuanzisha blogu ya kampuni ni andiko fupi, kurasa mbili zinatosha, ambalo mfanyakazi humpelekea meneja akiomba ruhusa, fedha na muda wa kuandika makala za kampuni mtandaoni. Muda ndio mzito kuliko vyote, na ndio watu husahau kuuomba.

Tuseme kampuni iliyoko Ilemela, Mwanza, inauza chakula cha samaki na nyavu za vizimba. Simu ya mauzo haipumziki: "Kaka, nina sato elfu moja kizimbani, niwape chakula kiasi gani?" Jibu ni hesabu. Sato elfu moja wenye wastani wa gramu 100 wana uzito wa kilo 100. Ukiwalisha asilimia 3 ya uzito huo, ni kilo 3 kwa siku. Muuzaji hurudia maelezo hayo kutwa nzima.

Lengo la pendekezo lichimbwe hapo. "Kutangaza jina la kampuni" hakufai kuwa lengo, maana hakuna siku meneja atakayojua kuwa limetimia. Kabla ya kuandika, weka daftari kando ya simu kwa wiki mbili, upige mstari kila swali lilelile linapoulizwa. Ukipata mistari 40, andika: ifikapo mwisho wa mwezi wa tatu, wiki mbili zisizidi mistari 25, kwa sababu wateja watatumiwa makala na wao watazipeleka kwenye makundi yao ya wafugaji.

Bajeti nayo iseme kweli. Chukua makala 12, moja kila wiki, na kila moja ile saa sita: kuuliza fundi wa vizimba, kuandika, kupiga picha, kusahihisha. Hizo ni saa 72. Kama saa moja ya mfanyakazi inaigharimu kampuni shilingi 5,000, muda peke yake ni 360,000. Jina la tovuti na hifadhi yake tukadirie 180,000, nauli ya boti na bando 120,000. Jumla 660,000, na zaidi ya nusu ni muda. Anayeandika bajeti ya tovuti tu hupewa fedha, kisha makala zinakoma wiki ya tano kwa kuwa kazi zake za kawaida hazikupunguzwa.

Mwezi wa kwanza ni wa kufungua tovuti na kutoa makala nne zinazojibu maswali yanayoongoza daftarini. Wa pili, unaendelea kuandika huku muuzaji akimuuliza kila mteja mpya alikotupata. Wa tatu, pamoja na makala za mwisho, daftari linarudi kando ya simu. Usiahidi mauzo kutoka Google ndani ya muda huo. Tovuti changa mara nyingi huchukua miezi kadhaa kabla ya kuonekana juu kwenye utafutaji. Badala yake andika wazi kwamba mistari ikibaki 40, blogu inasimamishwa. Meneja husaini kwa urahisi zaidi akiuona mlango wa kutokea.