TB ya ng'ombe ni nini, na ile sindano ya shingoni inasomwaje

Watu wengi wakisikia TB wanawaza kikohozi cha binadamu tu. Kumbe ng'ombe nao wana ya kwao, inaletwa na bakteria anaitwa Maikobakteriamu bovisi, ndugu wa karibu kabisa wa yule anayetupa sisi kifua kikuu. Ng'ombe kwa ng'ombe wanaambukizana zaidi kwa pumzi, ndo maana wale wa maziwa waliobanana banda moja wako kwenye hatari kubwa, na ndama anaipata pia kwa kunyonya.

Shida yake ni kwamba huioni. Ng'ombe anakula, anabeba mimba, anatoa maziwa kama kawaida hata miaka, kukonda na kukohoa kunakuja mwishoni. Wengi wanagundulika machinjioni, mkaguzi akipasua tezi anakuta usaha mzito kama jibini, wakati mwingine kisu kinakwaruza kama kimepita kwenye mchanga.

Kwa ng'ombe aliye hai kipimo kinachotumika sana ni cha ngozi. Nimeshakishuhudia kwa jirani yangu mwenye frizian wawili. Daktari wa mifugo alinyoa manyoya sehemu mbili shingoni, moja juu moja chini, akaikunja ngozi na kuipima unene kwa kaliper, afu akachoma tuberkulini, yaani maji ya kupimia yanayotengenezwa kutokana na bakteria wa TB waliouawa, ndani ya ngozi yenyewe (sio chini yake), kiasi kidogo sana, mililita 0.1 kila sehemu. Ya juu ni ya bakteria wa TB ya ndege, ya chini ni ya TB ya ng'ombe. Tukamuuliza ya ndege ya nini sasa? Akasema ng'ombe anakutana na bakteria wengine wa ukoo huo huo kwenye udongo na kwa kuku, ngozi inaweza kuvimba bure, so lazima uwe na kitu cha kulinganisha.

Akarudi baada ya masaa 72. Ng'ombe wa kwanza juu ilitoka milimita 7 ikawa 9, imeongezeka 2, chini ilitoka 7 ikawa 15, imeongezeka 8. Toa 2 kwenye 8 unabaki na 6, na ikizidi 4 huyo anahesabiwa ana TB. Wa pili juu iliongezeka 3, chini 5, tofauti 2, huyo yuko katikati (1 mpaka 4 haieleweki), akaambiwa amtenge na apimwe tena baada ya siku 42 au zaidi, maana ukirudia mapema ngozi inakuwa imechoka haijibu vizuri. Kama chini haijazidi juu, hana. Kwa yule wa kwanza mwenye ng'ombe alibisha sana, "mbona huyu ndo ananipa maziwa mengi!" na mi namuelewa, kumtoa ng'ombe wa hivyo kunauma na hakuna dawa ya kumtibu ya maana.

Kipimo chenyewe kinakosea pia. Aliyeambukizwa juzi juzi anaweza asionyeshe, aliyezaa karibuni vile vile, na yule ambaye ugonjwa umeshamla kabisa mwili unakuwa hauna nguvu ya kuvimba. Kwa hiyo kundi kupita mara moja sio ruhusa ya kunywa maziwa mabichi.

Sio kila ng'ombe mwenye TB anaitoa kwenye maziwa, ila maziwa yakichanganywa kwenye pipa moja mmoja anatosha kuharibu ya wote. Kwa binadamu ya maziwa mara nyingi haiendi kifuani, inaenda tezi za shingo, utumbo, mifupa. Huku Tanzania bakteria huyu ameshakutwa kwa wagonjwa wa tezi za shingo. Na hasikii pirazinamaidi, moja ya dawa nne za mwanzo za TB, sasa mgonjwa mwenye uvimbe wa shingo anayekunywa maziwa mabichi amwambie daktari hilo, kwa sababu darubini haitofautishi bakteria huyu na yule wa binadamu.

Kiwandani wanapasha nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, bakteria anakufa. Nyumbani hatuna kipimajoto, ndo maana tunaambiwa yachemke: yakipanda koroga, yaache yachemke kweli kama dakika moja, basi, hayo yameshapita moto unaohitajika. Kinachoharibu ni kuyapasha tu yakawa vuguvugu, au kuchemsha vizuri afu unayarudisha kwenye ndoo ile ile uliyokamulia bila kuiosha.

Mtindi nao watu wanajidanganya kwamba ule uchachu unaua. Usiutegemee, bakteria huyu anavumilia. Chemsha kwanza, yapoe mpaka kidole kivumilie, ndo uweke kijiko cha mtindi wa jana (nao uwe wa maziwa yaliyochemshwa) ufunike mpaka asubuhi, utaganda vizuri tu.