Limiti ya 0/0: kabla hujanyambua mara nne

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliniletea karatasi mbili zilizojaa hesabu ya limiti moja tu, x ikielekea 0:

```
(e^(-x²/2) - cos x) / x⁴
```

Ukiweka 0 unapata 0/0, kwa hiyo alishika kanuni ya L'Hôpital: nyambua kiasi, nyambua asili (wengi darasani tunasema kudifrenshieti), kisha jaribu tena. Asili ni x⁴, kwa hiyo inabidi kurudia mara nne. Alifika mwisho na kupata 1/24, na jibu hilo si sahihi.

Nilipofuatilia mistari yake nikakuta alipojikwaa. Nyambuo ya pili ya e^(-x²/2) aliipata vizuri: (x² - 1)e^(-x²/2). Ya tatu akaandika 2x·e^(-x²/2), akasahau kwamba ile e nayo ina x ndani yake. Ilitakiwa iwe (3x - x³)e^(-x²/2). Kuanzia hapo kila mstari ulikuwa safi, ila ulirithi kosa. Ndiyo tabia ya kunyambua kwa kurudia: misemo inanenepa, na kosa la hatua ya tatu halijitangazi hatua ya nne.

Sasa tazama kwa mfululizo. Ule wa e^u kila mtu anaujua: 1 + u + u²/2 + … Weka u = -x²/2, kisha andika wa cos x chini yake:

```
e^(-x²/2) = 1 - x²/2 + x⁴/8  - ...
cos x     = 1 - x²/2 + x⁴/24 - ...
```

Ukitoa, 1 inaondoka, x²/2 inaondoka, inabaki x⁴(1/8 - 1/24), yaani x⁴/12. Gawa kwa x⁴: jibu ni 1/12. Tena unaona kwa nini limiti ipo: grafu hizi mbili zimegandana hadi kipeo cha pili, zinaachana kwenye cha nne.

Kikokotoo kinathibitisha. Kwa x = 0.1 msemo wote ni takriban 0.0831, karibu na 1/12 na mbali na 1/24. Ila usiwe na pupa ya kuweka 0.0001. Hapo tofauti ya juu ni kama 8 × 10⁻¹⁸, wakati kompyuta ya kawaida, inayobeba tarakimu 16 hivi, haiwezi kutofautisha namba mbili zilizo karibu na 1 kwa udogo huo. Itakupa 0, au takataka.

Mfululizo nao una mtego wake, na nimeusahihisha mara nyingi kuliko ule wa kunyambua. Mtu anaishia kwenye x², anaona pande zote mbili ni 1 - x²/2, anatoa, anapata 0, anaandika limiti ni 0. Lakini alichokitupa ni vipengele vya x⁴, na asili ni x⁴ hiyohiyo! Sifuri ile maana yake ni kwamba hujafika mbali vya kutosha, basi. Mimi huwalazimisha wanafunzi waandike masalio, + o(x⁴), yaani kitu kinachopungua haraka kuliko x⁴, kila mstari. Wakiishia kwenye x² watabaki na o(x²)/x⁴, ambayo haisemi lolote. Na kama asili yenyewe ni tofauti, tuseme x - sin x, ianze kufunguliwa hiyo: inaanzia x³/6, kwa hiyo juu unahitaji kufika kipeo cha tatu.

Kuna mahali ambapo mfululizo nauweka kando kabisa. Chukua ln x / x^(1/10), x ikielekea infiniti. Mfululizo wa ln unaojulikana, unaoanzia 1, haufanyi kazi x ikipita 2, kwa hiyo huko mbali hauna msaada. L'Hôpital hapa ni mstari mmoja: unapata 10/x^(1/10), inayokwenda 0. Vilevile, x ikielekea 0, ukiwa na intego ya f kutoka 0 hadi x, igawanywe kwa x, na unachojua ni kwamba f ni endelevu tu. Huna mfululizo wa kuandika, lakini kunyambua mara moja kunatoa f(x), na limiti ni f(0).

Hata huko infiniti, soma masharti ya kanuni. (x + sin x)/x ikinyambuliwa inakuwa 1 + cos x, ambayo inayumba milele kati ya 0 na 2. Mwanafunzi anaandika "limiti haipo". Ipo, ni 1: gawa tu kila kipengele kwa x, sin x / x inakufa. L'Hôpital inadai kwanza uwiano wa nyambuo uwe na limiti. Usipokuwa nayo, kanuni imenyamaza, haijakataa.