Kilo iandikwe kwenye kichwa cha safu, si ndani ya seli

Chukua jedwali dogo la mizigo mitano. Chini ya kichwa "Uzito", kuanzia seli B2 hadi B6, kumeandikwa: 12 kg, 12.5kg, 850 g, 9 Kg na 700. Ukiandika `=SUM(B2:B6)`, Excel inakupa 700, wala haionyeshi kosa lolote. Seli yenye herufi huhesabiwa kuwa maandishi, na SUM huyaruka maandishi kimyakimya. Kilichojumlishwa ni ile namba moja tu isiyo na kipimo. Dalili yake huonekana kwa macho: maandishi hukaa upande wa kushoto wa seli, namba upande wa kulia, ilimradi hakuna aliyebadilisha mpangilio.

Usifute chochote kwenye safu ya zamani. Fungua safu mpya pembeni, kichwa chake kiwe `uzito_kg`, kisha kwenye C2 andika fomula hii na uivute hadi chini:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(LOWER(B2),"kg",""),CHAR(160),""))
```

LOWER inahitajika kwa sababu SUBSTITUTE hutofautisha "Kg" na "kg". CHAR(160) ni ile nafasi isiyokatika inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti; ukiitazama huwezi kuitofautisha na nafasi ya kawaida.

Mstari wa 850 g utatoa `#VALUE!`. Hilo ni jambo jema, maana kosa hilo limekuonyesha kipimo kingine kilichojificha humo. Gawanya kwa 1000, uandike 0.85. Anayekimbilia kufuta herufi zote kwa mpigo hupata 850 na kuisoma kama kilo. Kwa urefu hatari ni hiyohiyo: ukiifuta "m" kwenye safu nzima, "cm" inabaki "c" na "km" inabaki "k".

Ile 700 ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu inapita kwenye fomula bila kikwazo. Je, ni kilo au gramu? Rudi kwenye fomu ya awali au umuulize aliyepima. Usipopata jibu, acha seli wazi na uandike sababu kwenye safu ya maelezo, usikisie. Hapo jumla ya minne iliyobaki ni 34.35.

Kabla ya kuiacha safu ya zamani, linganisha `=COUNT(C2:C6)` na `=COUNTA(B2:B6)`. Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili kila seli iliyojazwa. Hapa utapata 4 na 5, na pengo hilo la 1 ni ule mstari wa 700. Pengo usiloweza kulieleza lina maana kuna seli haijasafishwa. Zikikubaliana na maelezo yako, nakili safu mpya na uibandike kwa Paste Special, chaguo la Values, ili isitegemee tena safu B.

Wapo wanaoacha namba tupu lakini wakaipamba kwa muundo wa `0.0" kg"`. Hesabu zinakubali, ila ukihifadhi faili kama CSV, Excel huandika kinachoonekana, na "kg" inarudi ndani ya seli.