Dawa ya mafua inapokausha na jasho

Klofeniramini, ambayo wengi tunaijua kama Piriton, hupunguza chafya na muwasho kwa kuzuia histamini. Tatizo ni kwamba haiishii hapo. Yenyewe, promethazini, na difenhidramini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi huzuia pia asetilikolini, kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kuziamuru tezi zitoe majimaji. Ndiyo maana kamasi na mate hukauka. Tezi za jasho nazo hupokea amri kwa kemikali hiyohiyo.

Kijana mwenye afya akimeza kidonge kimoja huenda asione tofauti yoyote. Lakini chukulia bibi wa miaka 72 anayeishi Tandika, Dar es Salaam, katika nyumba ya bati isiyo na dari, kwenye joto la Februari. Ana kisukari, na kila usiku hunywa amitriptilini kwa ajili ya maumivu ya miguu. Kapata mafua, mjukuu kamnunulia Piriton, naye anameza kidonge cha miligramu 4 mara tatu kwa siku. Amitriptilini nayo huzuia asetilikolini, kwa hiyo dawa mbili zinamkausha kwa pamoja. Zote mbili zinaleta usingizi, basi mchana kutwa amelala ndani wala haombi maji. Uzeeni kiu huwa hafifu hata bila dawa.

Jioni anakutwa mwili unawaka, ngozi kavu hadi kwapani, mboni za macho zimetanuka, maneno hayaeleweki. Nyumbani watasema ni malaria na kumpa paracetamol. Hapa paracetamol haisaidii: hiyo hushusha homa ambayo ubongo wenyewe umeipandisha, ilhali joto hili limekosa tu pa kutokea. Mtoeni penye hewa, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwilini huku mkimpepea, na safari ya hospitali ianze mara moja. Akiwa amechanganyikiwa msimnyweshe chochote, atapaliwa. Malaria itapimwa hukohuko, na pakiti za dawa zote anazotumia ziende naye.

Mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko mtu mzima, hutoa jasho kidogo, na hawezi kujitoa kwenye blanketi alilofunikwa. Ukimpa sharubati ya aina hii ili alale, jambo linalofanyika zaidi ya tunavyokiri, hata kulia kuomba maji hataweza. Siproheptadini, inayouzwa kama dawa ya kuongeza hamu ya kula, ni ya kundi hilihili. Promethazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza pia kudhoofisha upumuaji wake.

Kwa mzee mwenye mzio wakati wa joto, ulizeni loratadini au setirizini. Haziingilii jasho kwa kiasi hicho, ingawa setirizini bado huwapa baadhi ya watu usingizi, na mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa dozi yake.