I² ya asilimia 69 haijaniambia kitu

Andiko la mwisho nililopewa kupitia lilikuwa uchambuzi wa pamoja wa majaribio ya tiba ya mazungumzo kwa vijana wenye sonona. Sehemu ya matokeo ilikuwa na sentensi mbili tu kuhusu haya ninayoyaandika leo: "Tofauti kati ya tafiti ilikuwa ya wastani. Kipimo cha Egger kilionyesha upendeleo wa uchapishaji." Nililirudisha. Namba za andiko la watu sizitoi, kwa hiyo nachukua za kubuni.

Tuseme tuna majaribio 20, kila moja na vijana 100 hivi. Tukiyajumlisha tunapata wastani wa ukubwa wa athari, g, wa 0.36, kosa sanifu 0.08, na τ², yaani varianzi ya athari halisi kati ya majaribio, ya 0.09. I² inatoka asilimia 69. Wengi wanaisoma kama kipimo cha ukubwa wa tofauti, ilhali ni sehemu tu ya mtawanyiko isiyotokana na bahati ya sampuli:

```
I² = τ² / (τ² + s²)
```

Hapo s² ni varianzi ya kawaida ya jaribio moja, takriban 4/n kwa makundi yaliyo sawa. Kwa vijana 100 ni 0.04, ndiyo tukapata asilimia 69. Sasa usiguse τ², badilisha ukubwa wa majaribio tu. Kwa vijana 40, I² inashuka hadi 47. Kwa 400 inapanda hadi 90. Tiba ni ile ile na inatofautiana kiasi kile kile, ila msomaji wa kwanza ataambiwa hali ni shwari na wa pili ataogopa.

Ninachotaka kukiona ni masafa ya utabiri, yaani jaribio jipya la aina hii linaweza kuangukia wapi:

```
library(metafor)
res <- rma(yi, vi, data=dat, method="REML", test="knha")
predict(res)
```

Kwa namba zetu, masafa ya uhakika ya wastani ni 0.19 hadi 0.53. Yanapendeza. Masafa ya utabiri ni −0.29 hadi 1.01. Kwa hiyo tiba inasaidia kwa wastani, lakini kuna mazingira ambamo huenda isisaidie kabisa, na mwandishi aliyeweka I² peke yake amemficha msomaji jambo hilo, hata kama hakukusudia.

Swali linalofuata ni tofauti hiyo inatoka wapi, na hapa ndipo sentensi ya pili ya andiko lile ilipoteleza. Katika uwanja huu, majaribio mengi madogo hulinganisha tiba na kundi la kusubiri. Makubwa hukutana na mpinzani mzito zaidi. Jaribio la TADS la Marekani, lililotoka 2004, lilikuwa na vijana 439, na tiba ya utambuzi na tabia ikapimwa dhidi ya kidonge bandia: waliopata nafuu walikuwa asilimia 43.2 kwa 34.8, tofauti isiyotosha kitakwimu. Kwenye mchoro wa faneli, unaopanga kila jaribio kwa athari na kosa sanifu lake, weka jaribio kama hilo juu, yale madogo ya kundi la kusubiri yakae chini kulia, faneli itainama hata kama hakuna utafiti uliofichwa kabatini. Egger anapima kuinama tu. Sababu haijui.

Kuna mtego mwingine. Kosa sanifu la g hukokotolewa kwa kutumia g yenyewe, kwa hiyo viwili hivyo vina uhusiano tangu mwanzo. Mimi huweka kipimo cha ukubwa wa sampuli badala yake, pamoja na aina ya kundi la kulinganisha:

```
rma(yi, vi, mods = ~ kundi + sqrt(1/n1 + 1/n2),
    data=dat, test="knha")
```

Mgawo wa ukubwa wa sampuli ukisinyaa mara tu `kundi` linapoingia, mshukiwa mkuu ni mpinzani, si uchapishaji. Ukibaki mkubwa, shuku tafiti zilizokosekana. Na kama majaribio yote madogo ni ya kundi la kusubiri, hesabu haiwezi kuvitenganisha; andika hivyo hivyo. Kujaza tafiti za kubuni kwa "trim and fill" hakuokoi: njia hiyo huyumba tofauti inapokuwa kubwa, nami huiacha kwenye kiambatisho.

Kinachosaidia kuliko kipimo chochote ni kwenda kuzitafuta tafiti zilizokosekana. Weisz na wenzake walifanya hivyo 2006: waliingiza tasnifu ambazo hazikuchapishwa, wakafikisha tafiti 35, na wastani ukawa 0.34, huku athari moja moja zikianzia −0.66 hadi 2.02. Baadhi ya chambuzi za kabla yao, zenye tafiti chache, zilikuwa zimefika 1 na zaidi. Leo kuna pia sajili za majaribio kama ClinicalTrials.gov. Kwa hiyo nilimwomba mwandishi yule orodha: majaribio mangapi yalisajiliwa, yakamalizika, na hayajatoa matokeo. PRISMA 2020, mwongozo wa kuripoti chambuzi za aina hii, inamtaka aseme alivyochunguza upendeleo huo kwenye kipengele cha 14, na alichokuta kwenye cha 21. Toleo la pili lilirudi na jedwali la sajili, na neno "wastani" limefutwa.