Msawazo hupunguza badiliko, haulifuti

Nimekutana nalo tena, jibu lile lile: "Ukibana gesi, msawazo utahama mpaka mgandamizo urudi kama ulivyokuwa." Kalamu nyekundu imeshindwa, basi niliandike hapa.

Msawazo ni pale mmenyuko wa kwenda na wa kurudi inapokwenda kwa kasi moja. Kanuni ya Le Chatelier inasema mfumo ulio kwenye msawazo ukisumbuliwa, huhamia upande unaopunguza usumbufu. Hupunguza tu. Watu wanasoma "hupinga", wanaelewa "hufuta", kisha wanaona rangi kwenye sirinji hailingani na walichokariri.

Chukua sirinji iliyozibwa mdomo, ndani yake kuna N2O4 ⇌ 2NO2. N2O4 haina rangi, NO2 ni ya kahawia, kwa hiyo rangi inakuambia NO2 imekolea kiasi gani. Kwenye 25 °C, mgandamizo wa NO2 ukiuzidisha kwa wenyewe, kisha ukagawanya kwa wa N2O4, unapata takriban 0.15 (kwa atm). Uwiano huo ndio K, na kwa halijoto ile ile kila msawazo huurudia. Tuseme jumla ya mgandamizo ni 1 atm: NO2 ina 0.32, N2O4 ina 0.68.

Sukuma pistoni mpaka ujazo uwe nusu. Kabla chochote hakijahama, kila gesi imekuwa maradufu: 0.64 na 1.36. Piga ule uwiano sasa, unapata 0.30, mara mbili ya K. Umezidi, kwa hiyo lazima ushuke, na njia ya kuushusha ni NO2 kuungana kuwa N2O4. Mfumo unatulia NO2 ikiwa 0.47 na N2O4 ikiwa 1.45. Jumla ni 1.91 atm hivi. Bila kuhama ingekuwa 2, na mwanzo ilikuwa 1. Huo ndio "upinzani" wote mnaousifia!

Sasa tazama NO2 yenyewe. Kiasi chake kimepungua, lakini 0.47 bado ni kubwa kuliko 0.32, maana imebanwa kwenye nusu ya nafasi. Ukiitazama sirinji kwa ubavuni, rangi mwishoni imekoza kuliko mwanzo. Ukiitazama kwa urefu wake, kupitia mdomoni, imefifia kuliko mwanzo, kwa sababu mwanga unapita kwenye gesi yenye urefu nusu. Wawili wanaweza kubishana mbele ya sirinji moja na wote wakawa sahihi.

Kuna jambo vitabu vingi hulinyamazia. Tunafundisha kwamba rangi inakoza ghafla unapobana, halafu inafifia "msawazo unapohama". Mimi siiamini sana sehemu hiyo ya pili. Mmenyuko huu ni wa kasi mno, hutulia ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, jicho haliwezi kuufuata. Lakini kubana gesi haraka huipasha joto, na joto huongeza NO2. Kule kufifia taratibu tunakokuona nadhani kwa sehemu kubwa ni gesi inapoa. Onyesho ni zuri, maelezo yake ndiyo yana kasoro.

Kosa la pili ni pacha wa lile la kwanza. Ukiingiza arigoni bila kubadilisha ujazo, mgandamizo wa jumla unapanda, na kalamu zinakimbilia kuandika "upande wenye moli chache". Hapana. NO2 na N2O4 kila moja imebaki na mgandamizo wake, uwiano haujaguswa, hakuna kinachohama. Ukiiachia pistoni irudi nyuma ili mgandamizo wa jumla usibadilike, hapo gesi zetu mbili zimetawanyika na msawazo unahamia upande wa NO2. Kabla ya kujibu, uliza ujazo umefanya nini.

Joto ni kesi tofauti, nalipitia haraka. Kuvunja N2O4 kunameza joto, kwa hiyo ukipasha, NO2 inaongezeka. Tofauti ni kwamba hapa K yenyewe inabadilika. Ukolezi na mgandamizo huvuruga uwiano tu, na K inabaki pale pale.

Na ukolezi? Ongeza kitu, mfumo utakitumia. Karibu kila mara. Kwenye N2 + 3H2 ⇌ 2NH3, ukiongeza naitrojeni huku mgandamizo wa jumla na halijoto havibadiliki, na tayari naitrojeni ni zaidi ya nusu ya moli zote, amonia huvunjika na naitrojeni huzidi kuongezeka. Ujazo umepanuka, haidrojeni imetawanyika, na kwenye uwiano mgandamizo wa haidrojeni huingia kwa kipeo cha tatu. Anayetegemea "mfumo hupinga" peke yake atajibu kinyume. Anayepiga uwiano na kuulinganisha na K atapata.