Umemaliza kusoma kwenye simu. Umeelewa kiasi gani?

Wanachuo ninaowafundisha hapa Iringa wanasoma karibu kila kitu kwenye simu. Notisi, sura za vitabu, miongozo ya mitaala, vyote vinatumwa kwa PDF kwenye grupu la WhatsApp na kusomewa kitandani au ndani ya daladala. Wachache ndio wanaovipeleka stesheneri kuprinti, kwa sababu kurasa arobaini ni hela ya kula. Sina ugomvi na hilo. Ila kwa kuwa somo langu ni stadi za kusoma, naulizwa sana kama simu inapunguza uelewa, na watu wanategemea niseme habari za macho na mwanga. Macho kweli yanachoka, lakini tatizo kubwa liko kwingine: ukisomea kwenye simu, ni rahisi zaidi kuamini kwamba umeelewa wakati bado.

Nianze na ukubwa wa jambo lenyewe, maana huwa linakuzwa. Mwaka 2018, Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zilizofanyika kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakalinganisha uelewa wa waliosoma karatasi na waliosoma kwenye skrini. Karatasi ilishinda, ila kwa tofauti ndogo. Tofauti hiyo ilionekana kwenye maandishi ya kueleza mambo, yaani ya kitabu cha kiada, mwongozo au ripoti. Kwenye hadithi tupu haikuonekana. Iliongezeka pale msomaji alipobanwa na muda, na haikupungua kadiri miaka ilivyokwenda, iliongezeka. Kwa hiyo ile kauli kwamba vijana wa sasa wamezaliwa na simu mkononi na hawana shida hiyo haina msingi.

Nyingi ya tafiti hizo zilitumia kompyuta. Waliotumia simu yenyewe ni pamoja na watafiti wa Japani, mwaka 2022: watu 34 walisoma vipande vya riwaya, mara kwenye karatasi, mara kwenye simu, na kwenye simu uelewa wao ulikuwa chini kuliko kwenye karatasi ingawa waliyokuwa wakisoma ni hadithi. Watu 34 ni wachache, siwezi kujenga nyumba juu yao. Nachukua hilo kama dalili kwamba kioo kidogo hakina huruma zaidi ya kikubwa.

Utafiti ninaourudia darasani kuliko yote ni wa Rakefet Ackerman na Morris Goldsmith, wa mwaka 2011. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maandishi ya kujifunza, wengine kwenye karatasi, wengine kwenye kompyuta. Muda wa kusoma ulipopangwa na watafiti, makundi yote mawili yalifanya sawasawa. Wanafunzi walipoachiwa waamue wenyewe lini wameridhika, wale wa skrini waliacha mapema, wakajitabiria alama nyingi kuliko walizopata, na wakashindwa na wenzao wa karatasi. Hebu tafakari hapo. Akili ni ileile, maandishi ni yaleyale, na muda ukilingana hata matokeo yanalingana. Kinacholegea ni ule uamuzi wa ndani unaosema "hapa pamenikaa, twende". Kwenye skrini uamuzi huo unatoka haraka mno, labda kwa sababu skrini tumeizoea kwa ujumbe mfupi na habari za kupitia juu juu.

Nikupe mfano wa hapahapa. Binti mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa na sura ya kurasa kumi na tano kuhusu vita vya Wahehe na Wajerumani, PDF iliyopigwa picha kutoka kwenye kitabu. Aliimaliza kwenye simu kwa mkao mmoja, akaja.

"Mwalimu, nimesoma yote, nimeelewa."

"Haya mama. Mkwawa alikufaje?"

"Wajerumani walivunja ngome ya Kalenga, akajipiga risasi ili wasimkamate."

Kila kipande cha jibu hilo kimo ndani ya sura. Ngome ya Kalenga iliangushwa, na Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe. Lakini Kalenga ilianguka Oktoba 1894, naye alikufa Julai 1898. Katikati kuna karibu miaka minne ya vita vya msituni, Wajerumani kuweka kituo chao hapa Iringa mwaka 1896, kumsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kisha kumnyonga mwaka 1897. Karibu nusu ya sura inahusu miaka hiyo. Binti alikuwa ameipitia yote, macho yake yalifika kila mstari, ila kichwani mwanzo na mwisho vilishikana na katikati ikayeyuka. Nilipomwomba ataje mwaka wa mapigano ya Lugalo, ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani, alisema 1891 bila kusita, na alipatia. Na ndiyo maana alijiamini: mambo ya kukariri yalikuwepo, kilichokosekana ni mfululizo na sababu.

Kosa la namna hiyo halinishangazi. Mwaka 2019 Anne Mangen na wenzake waliwapa watu 50 hadithi moja ya kurasa 28, nusu yao kwenye kitabu cha karatasi na nusu kwenye Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali. Kwa maswali mengi hawakutofautiana. Walipotakiwa kupanga matukio kwa mfuatano wake, na kusema tukio fulani lilikuwa sehemu gani ya hadithi, wa karatasi walifanya vizuri zaidi. Maelezo wanayoyapendekeza ni kwamba kitabu kinakupa mahali pa kushikilia: unakumbuka jambo lilikuwa juu upande wa kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika kurasa nyingi. Kindle angalau ina kurasa zinazosimama. Kwenye simu, ukiskroli, mstari uliokuwa juu sasa uko chini, kisha haupo, na sura nzima inakuwa utepe mmoja usio na alama. Christopher Sanchez na Jennifer Wiley walionesha mwaka 2009 kwamba kuskroli kunapunguza uelewa kuliko kurasa zilizogawanywa, hasa kwa wale ambao uwezo wao wa kushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja ni mdogo.

Basi ufanyeje kama simu ndiyo uliyo nayo? Mimi nasisitiza jambo moja: andika maneno makuu kwa kuchelewa. Mwaka 2003 Keith Thiede na wenzake waliwaambia wanafunzi waandike maneno machache yanayobeba kiini cha maandishi waliyosoma. Waliofanya hivyo mara tu walipomaliza hawakufaidika sana. Walioandika baada ya muda kupita walijua kwa usahihi zaidi nini wameelewa na nini hawajaelewa, wakachagua vizuri cha kurudia, na mwisho wakaelewa zaidi. Ukiandika papo hapo, maneno ya ukurasa bado yanalia masikioni, unayanakili tu. Ukichelewa yale ya juu juu yamefifia, na unachoweza kukitoa ni kile ulichokijenga. Tirza Lauterman na Ackerman walijaribu zoezi la maneno makuu kwa wasomaji wa skrini mwaka 2014, na pengo kati ya skrini na karatasi likafutika.

Yule binti tulimfanyisha hivi. Sura aliigawa vipande vitatu kwa kufuata vichwa vidogo, kama kurasa tano kila kimoja. Alisoma kipande cha kwanza, akaendelea na cha pili bila kuandika chochote, na alipomaliza cha pili ndipo akafunga simu na kuandika kwenye daftari maneno matano ya kipande cha kwanza. Kile kipande cha pili ndicho kilichotumika kama muda wa kuchelewa, kwa hiyo hakukaa bure akiangalia saa. Cha pili akakiandikia baada ya kusoma cha tatu, na cha tatu baada ya kwenda kuchota maji. Maneno yalikuwa yake, ya kwa mkono, na kati ya neno na neno ilimpasa aandike kiunganishi: "kwa sababu", "baada ya hapo", "ingawa". Viunganishi ndivyo vilivyomkamata. Kati ya "Kalenga 1894" na "risasi 1898" hakuwa na cha kuandika, akarudi mwenyewe kwenye kurasa mbili zenye kiungo hicho na kuzisoma polepole, bila mimi kumwambia.

Zoezi hili linaharibika kwa namna mbili hasa. Ya kwanza ni kuchungulia simu wakati wa kuandika. Ukichungulia umenakili, na hujapima kitu. Utajua umechungulia kwa kuwa maneno yako yanafanana na vichwa vya habari vya mwandishi. Ya pili ni kuandika majina na tarehe peke yake, kwa kuwa hayo ndiyo yanayokumbukwa kwa urahisi. Orodha ya "Lugalo, Zelewski, Kalenga, fuvu" inapendeza machoni ila haikuambii nani alimfanyia nani nini.

Kuhusu simu yenyewe sina mengi. Kwenye Acrobat Reader badili `Continuous` iwe `Single page` ili ukurasa usimame mahali pamoja. Kama faili ni maandishi halisi, `Liquid Mode` inapanga upya herufi zitoshe kioo na inakuondolea kazi ya kuvuta kulia na kushoto kila mstari, ingawa hapo unapoteza sura ya ukurasa. Kwa PDF ya picha, kama ile ya binti, usiitegemee. Laza simu upande, ukurasa ujaze upana wa kioo, usome nusu ya juu kisha nusu ya chini. Weka hali ya ndege mpaka kipande kiishe. Na ukiwa umebanwa na muda, mfano mtihani ni kesho, ongeza uangalifu, kwa maana hapo ndipo tofauti inapokuwa kubwa.

Hela ya kuprinti ikiwepo kidogo, usiprinti sura nzima. Soma kwanza kwenye simu, andika maneno yako, kisha peleka stesheneri zile kurasa ambako kiunganishi kilikukwamisha. Kwa sura ile ya Wahehe zilikuwa mbili.